Kesho ni Holidei? Cheki Hiyo Barua Kwanza

Ni Jumapili usiku na gurupu ya mtaa inawaka: picha ya barua ya serikali, eti kesho ni holidei. Kabla ukose mboka ukatwe doh, ivute hiyo picha uicheki.

Nembo ikiwa na ukungu si ushahidi, juu hata barua ya ukweli ikifowadiwa sana huchakaa. Lakini nembo ikiwa na ukungu na maandishi yamekaa fiti, hapo huenda kuna kitu kimebandikwa.

Matapeli hupenda kuchukua barua ya kitambo wabadilishe tarehe na aya moja. Namba ya kumbukumbu na sahihi hubaki zile zile. Itafute ya zamani uziweke kando kwa kando. Hakuna msee husaini mara mbili sawasawa hadi mkia.

Halafu soma lugha. Holidei ya ghafla hutangazwa na Waziri wa Usalama wa Ndani kwa notisi ya Gazeti la Serikali, yenye namba, ikitaja Sheria ya Sikukuu za Umma. Haikuombi uitume kwa gurupu kumi. Gazeti halina hiyo notisi? Weka alamu, kesho ni mboka.