Bluu Haimaanishi Watu Hawaoni Video Yako

Wasee, kuna hii tabia ya mashirika ya matangazo ambayo lazima tuiongelee. Kijana anashuti video ya saluni, anaiedit usiku mzima, inawekwa kwenye tovuti ya mteja. Mwezi ukiisha, mtu anatoa hitimapu, ile picha ya ukurasa iliyopakwa rangi, anaonyesha pale kwa video ni baridi kabisa, hakuna hata alama moja. Halafu anatangaza: "Hakuna mtu anaiona. Toa." Na kijana halipwi ya pili.

Huo si ushahidi, na nitakuambia mbona.

Video nyingi tunazoweka kwa tovuti zinatoka YouTube, zinaingia ndani ya `iframe`. Hiyo ni kama dirisha la nyumba ya jirani limewekwa kwa ukuta wako. Ukigusa pleya, mguso unaingia kwa ukurasa wa YouTube, si wako. Brauza hairuhusu skripti ya ukurasa wako kuchungulia ndani ya ukurasa wa tovuti nyingine. Kwa hivyo hitimapu ya kugusa kawaida itabaki tupu pale hata watu mia wakicheza hiyo video. Huamini? Chukua simu yako, icheze mara tano, kisha ngoja ripoti ijisasishe uone kama kuna chochote kimeongezeka.

Sasa wakishikwa hapo, wanakimbilia skroli: "Asilimia 60 walifika kwa video, so waliiona." Hapana. Ramani ya skroli inasema tu ukurasa ulishuka hadi wapi. Mtu anayetafuta bei anapitisha kidole mara moja na video inapita kama matatu ya ekspresi. Amehesabiwa kuwa amefika. Na ukitumia tukio la `scroll` la GA4 bila kuligusa, hilo linarekodiwa mtu akifika asilimia 90 ya ukurasa. Kama video yako iko katikati, halikuambii kitu kuihusu.

Unahitaji namba tatu, si rangi. Ya kwanza ni waliofika, na hiyo skroli inakupa, lakini tenga simu na kompyuta kwa sababu mpangilio wa ukurasa si mmoja. Ya pili ni walioiona: angalau nusu ya video ikae kwa skrini sekunde 2 mfululizo. Hicho ndicho kipimo cha chini ambacho soko la matangazo hutumia kwa video, na dev wako anaweza kukipima kwa `IntersectionObserver`. Hata hicho hakithibitishi macho yalikuwa pale, lakini kinaondoa wale wa kupita mbio. Ya tatu ni walioicheza: tukio la `video_start` kwa GA4, mradi anwani ya video iwe na `enablejsapi=1`. Kama video inajicheza yenyewe, hiyo ya tatu usiihesabu, maana hakuna mtu aliyeamua kitu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme watu 1,000 wa simu wamefungua ukurasa wa hiyo saluni. Waliofika kwa video ni 600, walioiona sekunde 2 ni 200, walioicheza ni 90. Yule wa hitimapu anasema sifuri. Mwingine anagawa 90 kwa 1,000, anapata asilimia 9, anasema video ni mbovu. Lakini kati ya walioiona kweli, 90 kwa 200 waliicheza. Hiyo ni asilimia 45! Video iko poa.

Shida iko juu yake. Watu 400 hawakufika, kwa hivyo ipandishe juu ya orodha ya bei. Wengine 400 walifika wakaipita, kwa hivyo angalia picha ya jalada: kama ni giza tupu au inafanana na tangazo, kidole hakisimami. Na wale 110 walioiona wakaiacha, pengine wanaogopa bando, so andika wazi kwamba ni dakika moja tu. Badilisha kitu kimoja, ngoja, pima tena. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua ni gani kilisaidia.

Kwa hivyo ukiletewa hiyo picha ya rangi kwa mkutano, usianze kujitetea. Uliza: video iko ndani ya `iframe`? Ilikaa kwa skrini sekunde ngapi? Na `video_start` ni ngapi? Kama hana majibu, basi hajapima video. Amepima vidole, tena vile visivyoigusa. Na mtu asikatwe pesa zake juu ya hiyo.