Shilingi Ileile, Vipande Tofauti: Hesabu Inaahidi Nini?

Kauli moja imezoeleka sana katika semina za fedha zinazoandaliwa kwa watumishi wa umma: wekeza kiasi kilekile kila mwezi, na bei ikishuka usihofu, kwa sababu utapata vipande vingi zaidi. Kauli hiyo ni ya kweli, ila ukweli wake ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Anayeondoka ukumbini akiamini kwamba amepewa kinga dhidi ya hasara ameuziwa kitu ambacho hesabu haikuahidi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tumchukue mwalimu anayetenga shilingi 60,000 kila mwezi kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Tuseme kwa miezi sita bei ya kipande imekuwa shilingi 300, 200, 150, 120, 200 na 300. Mwezi wa kwanza anapata vipande 200, wa pili 300, wa tatu 400, wa nne 500, wa tano 300 na wa sita 200. Jumla ametoa shilingi 360,000 na anamiliki vipande 1,900. Kila kipande, kwa wastani, kimemgharimu takriban shilingi 189.

Sasa tutafute wastani wa bei zenyewe. Tukizijumlisha bei zote sita tunapata 1,270, na tukigawa kwa sita tunapata takriban shilingi 212. Mwalimu amelipa pungufu ya wastani wa bei kwa takriban shilingi 22 kwa kila kipande, bila kubashiri lolote na bila kumuuliza dalali. Jirani yake aliyeamua kununua idadi ileile ya vipande, 200 kila mwezi, ametumia shilingi 254,000 kupata vipande 1,200, na kila kipande kimemgharimu wastani kamili wa shilingi 212.

Tofauti hiyo inatokana na uzito wa kila bei. Kwa jirani, kila bei ina kura moja: vipande 200 vimenunuliwa ghali na vipande 200 vimenunuliwa rahisi. Kwa mwalimu, bei ya 120 ina kura 500 ilhali bei ya 300 ina kura 200 tu. Bei ya chini inavuta wastani wake kuelekea chini. Hali hii haitegemei bahati. Maadamu bei inabadilika na kiasi kinachotolewa hakibadiliki, wastani wa gharama lazima uwe chini ya wastani wa bei.

Hapo ndipo semina nyingi huishia, na hapo ndipo swali zito linapoanza. Zigeuzeni bei zilezile sita zifuate mpangilio wa kushuka: 300, 300, 200, 200, 150, 120. Mwalimu atapata vipande vilevile 1,900, kwa gharama ileile ya shilingi 189, na bado atakuwa amelipa chini ya wastani wa bei. Lakini siku ya mwisho kipande kina thamani ya shilingi 120. Mali yake yote ni shilingi 228,000, nayo imemgharimu 360,000. Amepoteza shilingi 132,000 huku kanuni ikiwa imetimia bila dosari. Faida na hasara huamuliwa na bei ya siku ya kuuza ikilinganishwa na gharama yako. Ule wastani wa bei haukuwahi kuwa bei ambayo mtu alipewa sokoni.

Kwa hiyo hoja ya kununua vingi bei ikiwa chini inasimama juu ya sharti moja: kwamba bei itarudi. Hisa za Benki ya CRDB zilipouzwa kwa umma mwaka 2009 bei ilikuwa shilingi 150. Mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Miaka michache baadaye bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ikawa imeanguka chini ya ile 150 ya mwanzo, kisha ikapanda tena hadi kuipita 350. Aliyeendelea kununua kidogo kidogo wakati wa mporomoko alivuna. Lakini mkulima wa Kenya aliyeendelea kununua hisa za Mumias Sugar kadiri zilivyoshuka, hadi chini ya shilingi moja ya Kenya, alijikusanyia hisa nyingi za kampuni iliyowekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019. Utaratibu ulikuwa uleule. Ndiyo maana unafaa zaidi kwa mfuko wenye hisa na hatifungani za taasisi nyingi kuliko kwa kampuni moja, kwa kuwa kampuni moja inaweza kufa.

Upo upande wa pili wa kosa hilohilo. Katika mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao bei ya kipande chake kwa kawaida hupanda polepole bila kuyumba, kila mwezi unapata vipande pungufu kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Hakuna bei ya chini ya kuvizia. Nidhamu ya kuweka akiba inabaki kuwa na thamani yake, lakini tusiipambe kwa hoja ambayo hapo haina kazi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mstaafu. Mjadala wa kikokotoo umehusu zaidi ukubwa wa malipo ya mkupuo, na ni haki uendelee; lakini mstaafu akishayapokea huulizwa kama ayawekeze yote kwa siku moja au ayagawe kwa miezi. Utafiti wa kampuni ya Vanguard wa mwaka 2012, uliohusu masoko ya Marekani, Uingereza na Australia, ulionyesha kwamba kuwekeza kwa mkupuo kulizidi kugawa katika takriban theluthi mbili ya vipindi vilivyochunguzwa. Sababu si ngumu: masoko yale yalipanda mara nyingi kuliko yalivyoshuka, na fedha inayosubiri nje haipandi nayo. Kugawa, basi, ni gharama unayolipa ili usije ukaingiza kiinua mgongo chote siku moja kabla ya mporomoko. Mtu wa miaka 60 asiye na mshahara mwingine anaweza kuilipa gharama hiyo kwa busara kabisa, mradi ajue kwamba anailipa.

Mtumishi anayeishi kwa mshahara hana mtihani huo, kwa kuwa fedha yake huja kila mwezi. Adui yake ni kusitisha. Bei zinaposhuka ndipo pia hofu hutanda na ada za shule hudai. Akiacha kununua kwenye ile 120, amekosa vipande 500 vilivyobeba hesabu nzima. Akilazimika kuuza hapo, hali ni mbaya zaidi. Kwa sababu hiyo akiba ya dharura hutangulia, na makato ya moja kwa moja kutoka kwenye mshahara yana nguvu kuliko ahadi ya moyoni. Aangalie pia ada ya muamala: ada ya shilingi 1,000 juu ya shilingi 10,000 ni asilimia 10, nayo humeza sehemu kubwa ya faida iliyoelezwa hapa.

Tunachopaswa kudai kwa waandaaji wa semina hizo ni jambo dogo: wakionyesha mfano wa bei zilizoshuka na kurudi, waonyeshe na ule wa bei zisizorudi.