Kutoka Minofu Hadi Sauti

Makamanda, mwaka 1844 Marx aliandika kwamba mfanyakazi wa kiwandani hutengwa na anachokizalisha. Mwanza tunamwelewa fasta: dada anachuna minofu ya sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, yeye anarudi nyumbani na mapanki.

Eti anayepokea simu za wateja nadharia hiyo haimhusu? Thubutu! Rafiki yangu anafanya kazi hiyo. Maneno kaandikiwa, dakika zinahesabiwa, akitukanwa lazima ajibu kwa tabasamu. Kiwanda kilichukua mikono. Hapa wanachukua hadi sauti na hasira yake. Tena akiwa na hedifoni masikioni, hata jirani hamsikii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Tuanzie hapo.