Ngezi: Vijana wapya wa huduma ya pesa ya simu waelezwe kwanza zile dakika mbili

Katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, mtu anayeuza samaki hana haja tena ya kufunga noti kwenye kitambaa na kuzipeleka mwenyewe hadi ziwani. Anatuma kwa simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Kongo mwaka 2012, huduma za namna hiyo zimeingia hadi kwenye kabini ndogo za pembeni ya barabara, zile zenye meza moja na mwavuli. Mkoani Ituri, ambako magari yameshambuliwa mara nyingi njiani, kutuma kwa simu ni njia ya kuepuka kubeba mali yote mfukoni. Na pale Goma mabanki yalipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wengi walibaki na simu tu.

Pesa ikipotea njia, mtu anapiga simu kwenye huduma ya wateja. Malalamiko yake yanaandikwa kwenye fishi, na fishi inaingia kwenye mstari pamoja na nyingine nyingi. Anayeitoa kwenye mstari na kuishughulikia mara nyingi ni kijana aliyeanza kazi juzi. Siku ya kwanza aliketishwa ndani ya chumba, akasikiliza hotuba ya ukaribisho. Hotuba hiyo karibu kila mahali ni ileile: mteja ni mfalme, muwe na sauti nzuri, msichelewe kazini. Kijana anapiga makofi, anatoka bila kujua fishi ni kitu gani.

Hotuba inayofaa ingesimulia fishi moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Ngezi anayeuza samaki. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi anatuma franka 280 000 kwa mtu wake wa Tchomia, kando ya Ziwa Albert, saa ile mitumbwi inapofika. Kwenye namba ya simu anabadilisha tarakimu mbili: badala ya 47 anaandika 74. Huduma nyingi huonyesha jina la anayepokea kabla ya kuweka namba ya siri, lakini mwangaza bado ni mdogo, mtoto analia, na mama anathibitisha bila kusoma. Saa kumi na mbili na nusu mtu wa Tchomia anamwambia hajaona kitu. Mama anasoma tena mesaji yake, anaona kosa, anapiga simu. Fishi inafunguliwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne.

Sasa hesabu ya mstari. Kama mbele yake kuna fishi 60, na vijana wanne wako kazini, na kila fishi inakula dakika sita, zamu ya mama itafika baada ya saa moja na nusu, yaani saa mbili na dakika nne. Kwa kijana aliye mbele ya kompyuta, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Amefuata utaratibu: aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Lakini yule aliyepokea pesa kimakosa ameamka saa moja. Ameona mesaji, amefikiri ndugu yake wa Kampala amemkumbuka, na saa moja na nusu amesimama kwenye kabini akitoa pesa taslimu. Fishi inapofunguliwa, upande wa pili hakuna kitu. Kampuni haiwezi kuvuta noti zilizo mfukoni mwa mtu. Kinachobaki ni kumwomba arudishe kwa hiari, au mama aende polisi na mahakamani, njia ambayo inaweza kumla pesa kuliko zile alizopoteza.

Hapo ndipo kiongozi wa kituo angesimama na kuwauliza vijana: kati ya zile fishi 60 zilizotangulia, ngapi zingeharibika kwa kungoja? Mtu aliyesahau namba yake ya siri anaumia, ndiyo, lakini pesa yake iko palepale. Mwenye kutaka jina lake lisahihishwe anaweza kungoja hadi mchana. Fishi ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo yake ni kama samaki mbichi juani. Thamani yake inapungua kila dakika.

Na dawa yake ni ndogo kiasi cha kushangaza. Kazi nzima ya fishi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa, lakini hatua ya kwanza inahitaji dakika mbili tu. Kijana anahakikisha kwamba anayepiga ndiye mwenye namba iliyotuma. Anachukua ile namba ya rejeo iliyo kwenye mesaji ya uthibitisho, analinganisha kiasi na saa, anaangalia kama pesa bado iko upande wa pili, kisha anaifunga isitoke. Basi. Yaliyobaki yanaweza kurudi kwenye mstari na kungoja zamu yake. Kama hatua hiyo ingefanywa saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita, yule mtu angefika kabini na kukuta zile franka 280 000 hazitoki.

Neno «zile» lina uzito. Kinachofungwa ni kiasi kilichotumwa, si akaunti nzima. Aliyepokea naye ni mteja. Pengine ana franka zake 15 000 za kununua dawa asubuhi hiyo, na hakuna kosa lolote alilofanya. Kijana anayefunga akaunti yote kwa sababu ni rahisi kubonyeza mara moja ametengeneza fishi nyingine, ya mtu mwingine, mwenye hasira ya haki.

Wengi watauliza: kama kosa liko wazi, kwa nini pesa isirudishwe papo hapo? Hili ndilo linalowasumbua zaidi wateja, na vijana wapya huona aibu kulijibu. Jibu liko sokoni. Mtu ananunua simu ya franka 280 000, anamlipa muuzaji kwa kutuma pesa, anachukua simu na kuondoka. Akifika mbali kidogo anapigia huduma: «Nimekosea namba, nirudishieni.» Kama kijana mwenye huruma atarudisha mara moja, amemwibia muuzaji kwa mikono yake mwenyewe. Fishi hizo mbili, ya mama na ya mwizi, zinafanana neno kwa neno.

Zinaweza kutofautishwa, lakini si kwa sauti ya anayelia kwenye simu. Kijana aangalie namba mama aliyotaka na namba iliyopokea: je, zinakaribiana, tarakimu moja au mbili zimepinduka? Aangalie kama mama amewahi kutuma kwa ile namba ya Tchomia, juma baada ya juma, kiasi kinachokaribia hicho. Aangalie kama namba iliyopokea imewahi kufanya biashara na huyu anayelalamika. Mwizi wa sokoni mara nyingi hawezi kutaja namba «sahihi» inayofanana na ile aliyolipa, au anataja moja ambayo hajawahi kuitumia. Hata hivyo dalili si hukumu. Kwa hiyo aliyepokea hupigiwa simu na kuulizwa pesa hiyo ni ya nini, kabla ya chochote kurudi. Kufunga kiasi ni kitendo kinachoweza kufunguliwa kesho bila hasara kubwa. Kurudisha pesa kimakosa hakufunguliki. Kijana anayeelewa tofauti hiyo hatakuwa na woga wa kufunga haraka, wala hatakuwa na haraka ya kurudisha.

Simu hiyo kwa aliyepokea ina hatari zake. Watu wa Bunia wameshazoea matapeli wanaopiga wakijifanya wafanyakazi wa kampuni, kwa hiyo mtu akisikia habari za pesa anaweza kukata. Kijana asiombe namba ya siri hata kwa utani, na amwambie aliyepokea asitume pesa mwenyewe kwa mkono wake. Akiituma, na mama akarudishiwa tena na kampuni, atakuwa amelipa mara mbili. Tena azungumze lugha inayoeleweka. Maandishi aliyopewa pengine ni ya Kifaransa safi, lakini aliye upande wa pili anataka kuambiwa kwa Kiswahili cha kawaida ni nani anapiga na pesa gani inazungumzwa.

Halafu kuna simu iliyozimwa. Umeme umekosekana, au mtandao umeanguka, au mtu yuko shambani. Kijana anapiga mara moja, hakuna jibu, anaandika «mteja hapatikani» na kufunga fishi. Kwenye hesabu ya siku amemaliza kazi. Kwa mama, mstari umeanza upya, na akipiga tena fishi ya pili inafunguliwa, na kijana mwingine anaanza kuuliza maswali yaleyale. Bora aandike: alipiga saa tatu, saa saba na saa kumi na moja jioni, simu imezimwa mara zote, kiasi bado kimefungwa, apigiwe kesho asubuhi. Wa zamu ya usiku hamjui mama, hakusikia sauti yake. Anachojua ni kile kilichoandikwa pale.

Lawama hapa haiwezi kuwa ya vijana peke yao. Kiongozi anayewakaribisha kwa maneno matamu kisha jioni anawahesabia fishi walizofunga, amewafundisha jambo lingine kabisa. Fishi sita za namba ya siri zinafungwa kwa muda wa kuifuatilia vizuri moja ya pesa iliyopotea. Kijana mwenye akili ataona hesabu hiyo kabla ya juma kuisha, naye ataanza kuchagua zile nyepesi. Kama kituo kinataka kuhesabu, kihesabu dakika kati ya simu ya mteja na kufungwa kwa kiasi, na kihesabu fishi zilizofunguliwa mara ya pili kwa jambo lilelile.

Kitu cha mwisho kinachokosekana kwenye hotuba nyingi ni mesaji ya kumjibu aliyelalamika. «Malalamiko yako yamepokelewa» haimwambii mama chochote, ndiyo maana atapiga mara nne kabla ya saa sita, na kila simu yake inarefusha mstari wa wengine. Mama huyo anahitaji mistari mitatu: franka 280 000 zimefungwa na hazijatolewa, aliyepokea bado anatafutwa, habari nyingine kesho kabla ya saa nne. Akiisoma, anaweza kumpigia mtu wa Tchomia na kumwomba amwekee samaki kwa mkopo hadi kesho.