Daftari la Wiki: Barua ya Mali Kauli

Jumatatu

Dada mmoja mwenye duka la vyakula Mbagala amenipa nisome baruapepe anayotaka kumwandikia mzee wa duka la jumla Kariakoo. Ramadhani inakaribia, na mzigo anaoutaka umezidi mtaji wake. Ameandika hivi: “Shikamoo mzee. Biashara ni ngumu sana siku hizi na ada za watoto zimenibana. Naomba unisaidie mzigo wa milioni tatu kwa mali kauli, nitalipa zote mwisho wa mwezi Mungu akijalia. Nakuahidi sitakuangusha.”

Adabu ipo. Lakini soma kama mwenye mali. Biashara ngumu maana yake mzigo utakaa. Ada za watoto maana yake pesa ya mzigo ina mwenyewe mwingine anayeisubiri, na huyo atalipwa kwanza. “Unisaidie” inamgeuza mfanyabiashara kuwa mfadhili. Halafu hakuna tarehe hata moja, kwa sababu mwisho wa mwezi kwa mwenye deni unaweza kuwa mwisho wa mwezi wowote.

Jumanne

Wenye maduka madogo wengi hudhani mzee wa jumla ana pesa nyingi, kwa hiyo milioni mbili hazimuumi. Tufanye hesabu. Tuseme kila mfuko wa sukari wa kilo 50 unamwachia faida ya shilingi 2,000. Mdaiwa mmoja akitokomea na milioni mbili, mzee atauza mifuko 1,000 ili arudi pale alipokuwa. Na huenda mzigo huo naye kauchukua kwa deni. Hofu yake ni hiyo, na barua inayoomba mali kauli haina kazi nyingine zaidi ya kuijibu.

Nikamuuliza dada ana nini cha kuonyesha. Akasema hana kitu. Baadaye kidogo ikajulikana kwamba ananunua kwa mzee huyo kila wiki, taslimu, mzigo wa kama 1,200,000, na risiti zote anazo ndani ya boksi la viatu. Ana leseni, ana TIN, na malipo ya lipa namba yamo kwenye simu yake. Huyu ndiye aliyesema hana kitu!

Jumatano

Leo tumekaa na daftari lake la mauzo, na hapo ndipo barua ilipopata mwili. Mzigo wa milioni tatu una sukari na unga wa ngano wa 1,800,000, mafuta ya kupikia ya 700,000 na sabuni za 500,000. Kwa daftari lake la Ramadhani iliyopita, sukari na unga wa kiasi hicho huisha ndani ya siku kumi. Mafuta huchukua wiki mbili na nusu. Sabuni hukaa hadi wiki ya nne.

Kwa hiyo kulipa zote mwisho wa mwezi ni mpango mbaya, hata kwake mwenyewe. Pesa ya sukari itakuwa mkononi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na pesa isiyo na tarehe hupata safari: msiba, ada, kodi ya fremu. Marejesho yafuate mwendo wa bidhaa, mazito mwanzoni na mepesi mwishoni. Atatanguliza milioni moja siku ya kuchukua mzigo. Milioni mbili zinazobaki atalipa kila Jumatatu: 800,000, kisha 600,000, kisha 400,000, kisha 200,000. Baada ya wiki mbili tu deni limeshuka hadi 600,000. Malipo ya mwisho yanaangukia kabla ya Idi, kabla pesa haijaenda kwenye nguo za watoto.

Deni hili halilipwi kwa faida. Linalipwa kwa mtaji unaorudi sukari inapouzwa, na faida ni kile kinachobaki juu yake. Asiyetenganisha hayo mawili atanunua friji wiki ya pili na kukwama wiki ya tatu.

Likabaki swali ambalo mzee yeyote wa Kariakoo atauliza: na wewe unakopesha? Dukani kwake kuna kibao kinachosema kukopa harusi, kulipa matanga. Chini ya kibao kuna daftari la madeni ya majirani, kurasa na kurasa. Tukakubaliana barua iseme wazi kwamba mzigo huu utauzwa taslimu tu. Mali kauli ikikopeshwa tena mtaani, mzee anakuwa amewakopesha watu asiowajua.

Alhamisi

Barua mpya ni hii:

“Shikamoo mzee. Mimi ni mteja wako wa Mbagala, nanunua kwako kila wiki taslimu, wastani wa 1,200,000. Nimeambatanisha risiti za miezi sita, leseni na TIN. Kwa ajili ya Ramadhani naomba mzigo wa 3,000,000 kama orodha inavyoonyesha. Nitatanguliza 1,000,000. Salio la 2,000,000 nitalipa kwa lipa namba yako Jumatatu nne mfululizo: 800,000, 600,000, 400,000 na 200,000. Mzigo huu sitaukopesha. Ikitokea nimekwama nitakupigia kabla ya siku ya malipo, na usinipe mzigo mwingine wa mali kauli hadi nimalize. Ukiona kiasi ni kikubwa kwa mara ya kwanza, niko tayari kuanza na nusu. Naomba unijulishe bei ya mali kauli kwa kila bidhaa kabla sijachukua.”

Mwanzoni alitaka kuongeza faini ya asilimia tano akichelewa, akidhani itamfurahisha. Tukaifuta. Mzee ni mtu wa msikitini, na nyongeza juu ya deni lililochelewa kwake ni riba. Kupandisha bei ya mali kauli tangu mwanzo, mkakubaliana, ni jambo jingine, wanazuoni wengi wanaliruhusu. Kuhusu kuandika hatukuwa na haja ya kumshawishi: Al-Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qurani, inahusu kuandikiana deni la muda.

Bei ya mali kauli iulizwe mapema kwa sababu nyingine pia. Mfuko ukipanda 2,000 na faida ya dada kwa mfuko ni 5,000, karibu nusu ya faida imeondoka. Pengine ni afadhali achukue mzigo mdogo kwa taslimu.

Ijumaa

Msomaji mmoja ananiuliza: mzigo ukiungua, deni linaungua? Hapana. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, hasara humwangukia mwenye mali, na mali ikishakuwa yako ni yako hata kama hujamaliza kulipa, isipokuwa mmekubaliana vingine. Waliouona moto wa Soko la Kariakoo Julai 2021 hawahitaji maelezo zaidi.

Jumamosi

Mzee amejibu kwa simu, si kwa barua. Amekubali nusu: mzigo wa 1,500,000, atangulize 500,000, na milioni moja ailipe kwa mpangilio uleule ukigawanywa kwa mbili. Sabuni amezikata zote, anasema mali kauli ni ya vitu vinavyokimbia. Nadhani yuko sahihi. Kila akilipa, dada atamtumia ujumbe wenye salio lililobaki, naye mzee ajibu “sawa”, ili siku ya mwisho pasiwe na hesabu mbili.

Jibu hilo lilimfikia siku mbili baada ya barua kutumwa. Enyi wenye maduka ya jumla, hata kama jibu ni hapana, litoeni upesi hivyohivyo. Mwenye duka anayesubiri wiki nzima hukosa mzigo kwenu na kwa wengine pia.