Kosa la Kuliachia «Kuzoea» Kazi Zote

Katika madarasa ya Kiingereza ya watu wazima, tangu mjini Mbarara hata Ngarama na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, imekita dhana moja ambayo walimu hurithishana kama wasia: ya kwamba «used to» maana yake ni kuzoea. Nimeisikia kwa waliosomeshwa kwa Kifaransa huko Kivu, nimeisikia pia kwa waliosomeshwa kwa Kiingereza hapa Ankole, nami nadai kuwa tafsiri hiyo ndiyo mama wa makosa ambayo mazoezi ya vitabuni hujigamba kuyatibu.

Neno letu halina dhambi. Ni pana tu. Mtu asemaye «nilizoea kuamka alfajiri» aweza kukusudia kwamba zamani ilikuwa ada yake kuamka saa hiyo, na aweza vilevile kukusudia kwamba kuamka huko, kulikomtaabisha mwanzoni, kulimwia kwepesi baadaye. Sisi huridhika na kitenzi kimoja, maadamu msikilizaji hupambanua kwa kufuata mazungumzo. Kiingereza hakiridhiki: ada iliyokwisha ina umbo lake, na wepesi ulioingia mwilini una lake.

Mama mmoja wa makamo, aliyetoka Masisi, alinionyesha daftari lake. Aliandika: «I am used to live in Masisi», kisha: «I use to fetch water at the lake every day». Kwa la kwanza alitaka kusema alikuwa akikaa Masisi zamani. Lau angalifuta «am», sentensi ingalisimama sawasawa. Lakini akiiacha, hana budi kuandika «living», na hapo maana yapinduka, kwani atakuwa anasema kuwa hivi leo amezoea kuishi Masisi, ilhali anasimama Nakivale na mtu anamuuliza kwao ni wapi. Sababu ni kwamba «to» ifuatayo «am used» si kiungo cha kitenzi, bali ni kihusishi, nacho hutaka jina. Ithibati yake ni nyepesi: weka jina tupu, useme «I am used to the dust», na mambo yatakwenda, jaribu «I used to the dust», na sentensi itaanguka.

La pili lilitiwa alama ya vema na mwalimu wake, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mama yule angali akiteka maji ziwani hata leo; alichotafuta ni ile «hu-» yetu ya «huteka», nayo kwa Kiingereza ni «I fetch» basi. Kwa kuwa sikioni «used to» na «use to» havitafautiki, mwalimu aliyeambiwa kwamba ni neno la mazoea hakuona kasoro, ijapokuwa msomaji Mwingereza, akilichukua kuwa «used to», angefahamu kwamba mama huyo hateki tena.

Kuna na «would», ambayo hufundishwa kama pacha wa «used to». Si pacha. «We would walk to the lake» ni sahihi, alimradi msimulizi amekwisha kututajia zama anazozizungumzia. Lakini «we would own four cows» haisemwi kwa maana hiyo, kwa sababu kumiliki ni hali, wala si tendo lenye kurudiwarudiwa. Waliotoka kwenye Kifaransa hutatizika zaidi hapa, kwani wakati wao mmoja uliopita hubeba hali na tendo pamoja. (Usiniletee «he would be angry whenever it rained»: hasira ile ilikuja na kuondoka, ikawa kama tendo.) Fauka ya hayo, hata «used to» hukataa hesabu ya muda: aliyekaa Masisi miaka 9 aandike «I lived in Masisi for nine years», wala asithubutu kuchanganya.

Mazoezi ya kujaza mapengo hayafichui lolote katika haya, kwa kuwa mwanafunzi huangalia kama kabla ya pengo pana «am» na kama baada yake pana «-ing», akabahatisha. Napendelea kumpa habari kwa Kiswahili kisicho na «kuzoea» hata kidogo: zamani alikuwa na ng'ombe wanne, sasa hana; kila Jumapili walikuwa wakipanda kilimani; vumbi la hapa halimsumbui tena. Nilimpa mama wa Masisi hizo tatu. Alikaa nazo kitambo, akafuta mara mbili, kisha akaandika: «I used to have four cows. Every Sunday we would climb the hill. I am used to the dust.» Akaniuliza kama hiyo ya mwisho yapasa kuwa kweli, maana yeye, kwa hakika, vumbi hili bado halijamzoea.