Kabla ya kununua segma, tuone namba nane

Ndugu wanamemba, kamioneti ya koperative ikianza kuchoka mlimani na magunia ya muhogo nyuma, garaji tunaambiwa neno lile lile: "Segma zimekwisha, tufungue moteri yote." Pengine ni kweli. Lakini kwetu Misisi vipande vinatoka mbali, na moteri ikishafunguliwa, kamioneti inalala huku mazao yanangoja. Kwa hiyo naona komite isitoe falanga hata moja mpaka fundi aandike kwenye daftari namba nane: nne za kipimo kikavu, nne za kipimo chenye mafuta.

Nasema juu ya moteri ya esansi yenye silinda nne. Fundi anaipasha moto kwanza, anaizima, anakata esansi na umeme wa buji, halafu anatoa buji zote nne. Anafunga kipimo cha kompresioni kwenye tundu la silinda ya kwanza. Mwenzake anakanyaga aksereta mpaka chini na kuzungusha demarere, mpaka sindano iache kupanda. Kila silinda ipate mizunguko ile ile, na batri iwe na nguvu, maana batri ikichoka katikati, silinda ya mwisho itasingiziwa ugonjwa ambao haina.

Tuseme kipimo kikavu kimetoa bari 12, 11.5, 7 na 11.5. Mafundi wengi wanakubali silinda dhaifu isishuke chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu. Robo tatu ya 12 ni 9, basi silinda ya tatu ni mgonjwa. Lakini 7 haisemi hewa inatorokea wapi. Hapo ndipo wengi wanaruka moja kwa moja kwenye segma, na mimi sikubaliani nao.

Sasa fundi amwage kijiko kimoja cha mafuta ya moteri kwenye tundu la silinda ya tatu, azungushe kidogo yasambae, apime tena. Afanye vile vile kwa zingine, ili tulinganishe. Mafuta yanaziba kwa muda nafasi iliyo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ikiwa 7 imepanda mpaka 10.5 na zingine zimepanda kidogo tu, hewa ilikuwa inapita kwenye segma au ukuta uliolika. Hapo fundi ana haki ya kusema tufungue.

Ikiwa 7 imebaki 7 au 7.5, mafuta hayakufika kwenye tundu lenyewe. Supapu ziko juu, kwenye kilasi, na kijiko cha mafuta hakiwezi kuziziba. Na hata hapo tusikimbilie kununua. Fundi apime kwanza nafasi ya supapu kwa vile vibao vyembamba. Supapu iliyobanwa sana haifungi vizuri, na kuirekebisha ni kazi ya ufunguo na subira, si ya kipande kipya. Ikiwa nafasi iko sawa, ndiyo atoe kilasi aangalie kama supapu imeungua.

Kuna sura nyingine. Silinda mbili zinazopakana, tuseme ya pili na ya tatu, zote zinasoma 4, na mafuta hayabadilishi kitu. Supapu kuharibika kwenye silinda mbili jirani kwa kiasi kile kile ni jambo la nadra. Hapo shuku jwenti ya kilasi, imetoboka katikati yao na hewa inahamia kwa jirani. Lakini jwenti inaweza pia kuvujia kwenye maji bila silinda mbili kushuka pamoja. Basi angalieni kama radiyatere inatoa mapovu moteri ikiunguruma, au kama mafuta yamekuwa meupe kama maziwa. Tafadhali, kifuniko cha radiyatere kifunguliwe moteri ikiwa bado baridi, kabla ya kuiwasha.

Kipimo hiki nacho kina mpaka wake. Pistoni yenye tundu inayaacha mafuta yapite chini, namba haipandi, na mtu anaweza kulaumu supapu bure. Namba zote nne zikiwa chini sawasawa, chekini kwanza batri na aksereta, halafu ndipo mwaze uzee wa segma zote.

Moteri ya mazuti, kama ile ya mashini ya kusagia, msiimwagie mafuta hivi. Nafasi juu ya pistoni ni ndogo sana: mafuta yanapandisha namba kwa uongo, na yakizidi yanaweza kupinda biele. Kipimo chake pia ni kingine, maana kompresioni yake ni kubwa zaidi.

Pendekezo langu kwa mkutano ujao ni kwamba kipimo cha esansi kinunuliwe na koperative, kikae kwa mtunza stoki, na fundi yeyote akiazime kwa kusaini. Namba nane ziandikwe mbele ya memba wawili, pamoja na tarehe.